Barua ya wazi kwa msimamizi wetu wa mjengo: siku ya mgomo wa matatu, soma ujumbe kabla ya kufunga geti

Mzee wetu wa saiti, pamoja na wasimamizi wenzako wa mijengo ya Kilimani, Kileleshwa na Westlands,

Salamu nyingi. Naandika kuhusu Jumanne ile ya mgomo wa matatu na kuhusu amri ya kufunga geti saa mbili na nusu asubuhi. Naomba hivi: siku ambayo matatu zimegoma, mfanyakazi aliyetuma ujumbe mapema na akafika amechelewa aruhusiwe kuingia kazini, na alipwe saa alizofanya. Asirudishwe nyumbani bila kitu baada ya kutembea kutoka Kayole.

Ujumbe niliokutumia alfajiri ile naunakili hapa kama ulivyo, kwa sababu naamini haukusomwa:

"Bosi, habari ya asubuhi. Ni fundi wa vyuma wa ghorofa ya tatu. Matatu zimegoma, hapa Kayole stejini hakuna gari na boda wamepandisha bei mara mbili. Tumeanza kutembea, tutafika kama saa nne. Tuko watatu, mimi na watu wawili wa mkono. Ufunguo wa sanduku la vyombo uko kwa soja. Nguzo za upande wa barabara tulimaliza kufunga jana, injinia anaweza kuzikagua. Bimu ya ngazi bado haina ringi. Tafadhali nijulishe kama slabu ya leo bado iko."

Niliuandika hivyo makusudi. Msimamizi anayesubiri watu asubuhi hahitaji maelezo marefu ya jinsi barabara ilivyo. Anahitaji kujua ni nani hayupo, wako wangapi, watafika saa ngapi, kazi gani inaweza kuendelea bila wao na ipi imekwama. Akiwa na majibu hayo kufikia saa kumi na mbili, anaweza kupanga siku yake upya kabla lori la kokoto halijaingia. Ndiyo maana nilitaja ufunguo. Fundi wa vyuma akikosekana na ufunguo wake ukakosekana, watu wengine wanne hukaa bila kazi kwa sababu mkasi wa kukatia uko ndani ya sanduku.

Hakuna jibu lililokuja. Tulishika Jogoo Road pamoja na umati wa watu, wengine wamevaa viatu vya ofisini, mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na mkoba wa nguo begani. Boda zilikuwa zinapita zimepakia watu wawili na watatu. Pale City Stadium mmoja wa vijana wangu alivua buti akatembea na soksi, kwa sababu buti ya mjengo ina chuma mbele na haikutengenezewa safari ya namna hiyo. Tulifika getini saa nne na dakika chache. Soja alituonyesha amri iliyoandikwa kwa chaki ukutani. Simlaumu, yeye analinda kazi yake. Tulikaa nje hadi saa tano, ndipo mtu akatoka kutuambia turudi kesho na kwamba siku hiyo hatumo katika orodha.

Mgomo wa matatu si jambo geni Nairobi, wala hauji kama mvua ya ghafla. Mwezi Februari 2004, sheria zilizopewa jina la Waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi, magari mengi yalitoweka barabarani kwa sababu hayakuwa na mikanda ya viti wala vidhibiti mwendo. Tarehe 12 Novemba 2018 serikali ilipoanza kuzikaza upya sheria hizo hizo, maelfu ya watu walitembea. Wiki tatu baadaye, tarehe 3 Desemba 2018, kaunti ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji, abiria wakashushwa Muthurwa na Ngara, wengine wakiwa wagonjwa na wengine wamebeba mizigo, na marufuku hiyo ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Mara zote hizo tarehe ilikuwa imetangazwa. Redio zilisema, magazeti yaliandika, na makanga wenyewe huwaambia abiria jioni kwamba kesho msitutarajie.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia mgomo, msimamizi na fundi wote wanajua. Swali linalobaki ni nani anazungumza na mwenzake. Naona hapo ndipo tunapokosana, maana kila upande unangoja asubuhi ifike ndipo uanze kulaumu.

Najua unachoogopa, mzee. Unaogopa siku ya kumwaga slabu. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba zege halisubiri mtu, na nataka nilizungumzie jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalofanya wasimamizi wengi wawe wakali asubuhi.

Slabu inayomwagwa kwa mikisa ya saiti inategemea mnyororo wa watu. Wako wanaojaza kokoto, mchanga na saruji kwenye mikisa, wako wanaobeba karai au kusukuma wilbaro, wako wanaotandaza, yuko mmoja wa poka, ile mashine ya kutetemesha zege lishikane, na yuko fundi wa kusawazisha nyuma yao. Toa watu wanane katikati ya mnyororo huo na mikisa itaendelea kutema zege ambalo halina wa kulibeba. Zege linakaa kwenye bati. Saruji ya kawaida ya daraja la 32.5 hutakiwa, kwa kipimo cha viwango, isianze kuganda kabla ya dakika 75, na ile ya 42.5 kabla ya dakika 60. Lakini vipimo hivyo hufanywa maabara, kwenye joto lililodhibitiwa. Juu ya ghorofa ya tatu, jua likiwa limewaka na upepo unavuma, zege hukauka uso mapema zaidi.

Hapo ndipo makosa mawili hufanyika. La kwanza ni mtu wa mkono kuambiwa aongeze maji ili zege lililoanza kuwa gumu lilainike. Linalainika, ndiyo, lakini nguvu yake imeshapungua, na hakuna anayeweza kuirudisha. La pili ni kumwaga zege bichi juu ya lile lililokwisha kushika, ukidhani yatashikana. Hayashikani vizuri. Baada ya miezi unaona mstari chini ya slabu, na mvua ikinyesha maji yanapita hapo hapo, kisha kutu inaingia kwenye vyuma nilivyofunga mimi. Njia rahisi ya kutambua kwamba muda umepita ni poka: ukiichomoa polepole, zege linalofaa hufunga tundu lake lenyewe. Tundu likibaki wazi, simamisha.

Kwa hiyo, mzee, siku ya mgomo mnyororo ukiwa na mapengo, slabu isianze. Uamuzi huo ufanywe jioni, si saa tatu asubuhi mikisa ikiwa inazunguka. Na kama ilishaanza na watu wakapungua, afadhali kuisimamisha mahali panapofaa kuliko kuilazimisha imalizike. Injinia ndiye anayechagua mahali, na kwa kawaida huwa ni sehemu ya katikati kati ya bimu na bimu, si kando ya bimu. Unaweka ubao wima, unakata zege kwa mstari ulionyooka, na kabla ya kuendelea siku inayofuata uso ule unakwaruzwa, unafagiliwa na kuloweshwa. Kazi itachelewa siku moja, lakini jengo litabaki zima.

Jumanne ile slabu ilianza hivyo hivyo bila watu. Nilikuwa nje ya geti na niliisikia mikisa ikizimwa na kuwashwa, ikizimwa na kuwashwa. Watu watatu waliokuja kwa miguu kuifanya kazi hiyo walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache kutoka hapo. Hilo liliniumiza kuliko hata kukosa pesa.

Sasa nije kwenye malipo, kwa sababu ndipo tunapoambiwa maneno yasiyo na msingi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza katika kifungu cha 19 ni pesa gani mwajiri anaweza kukata kwenye mshahara. Kuhusu kutokuwapo kazini, inaruhusu kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi amekosekana siku nzima, bila ruhusa na bila sababu nyingine halali. Soma maneno hayo pole pole. Yanazungumzia siku nzima. Mtu aliyefika saa nne na yuko tayari kufanya kazi hadi saa kumi na moja jioni hajakosekana siku nzima. Sheria haitaji mgomo wa matatu kwa jina, lakini inatambua kwamba kuna sababu halali za mtu kutofika, na nashindwa kuona mtu aliyekosa gari jiji zima, akatuma ujumbe alfajiri na akaja kwa miguu, atawekwaje kundi moja na aliyelala.

Tuchukue mtu wa mkono anayelipwa shilingi 800 kwa siku ya saa nane za kazi. Hiyo ni shilingi 100 kwa saa. Akiingia saa nne badala ya saa mbili, amepoteza saa mbili, kwa hiyo anastahili shilingi 600. Hesabu hiyo haimwonei mwenye mjengo hata senti moja, kwa sababu hajalipia saa ambazo hakupata. Geti likifungwa, kijana huyo anapata sufuri. Na kama alijitahidi akapanda boda kwa shilingi 500 ili awahi, akakwama kwenye msongamano wa watu akafika saa tatu kasorobo, anarudi nyumbani akiwa na deni. Wapo waliopatwa na hayo Jumanne. Kesho yake mmoja wao hakuja kabisa, kwa sababu nauli ya kesho ndiyo aliyompa mtu wa boda.

Najua jibu linalotolewa: nyinyi ni vibarua, kila asubuhi ni mapatano mapya, asiyefika saa mbili na nusu hakuandikwa leo. Kibarua kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Sisi tunalipwa Jumamosi. Tena kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, basi mkataba wake huhesabiwa kuwa ni wa kulipwa kwa mwezi. Jengo la ghorofa sita halimaliziki kwa miezi mitatu. Wengi wetu tulikuwa hapo tangu mitaro ya msingi inachimbwa. Kutuita watu wa leo na kesho hakubadilishi jinsi tulivyofanya kazi.

Na kwa wale wasimamizi wanaotishia kumfukuza mtu moja kwa moja kwa kuchelewa siku ya mgomo: ni kweli kwamba kifungu cha 44 kinahesabu kukosekana bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa. Lakini kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa la namna hiyo, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha umsikilize. Kumwambia kwa simu "usirudi" si kumsikiliza.

Sisi nasi tuna wajibu, na sitaki kuuficha. Ujumbe wa kuchelewa utumwe kabla mtu hajaanza safari, si akiwa tayari amechelewa saa nzima. Usiandike tu "niko njiani". Taja uko wapi na utafika saa ngapi, na ukiona hesabu yako imeharibika tuma mwingine. Kundi moja litume ujumbe mmoja kupitia kwa fundi wao, ili simu yako isijae ujumbe thelathini unaosema jambo lilelile. Na mwenye ufunguo, ramani au kipimo cha kazi asiende navyo nyumbani jioni inayoamkia mgomo. Mafundi wenzangu nimeshawaambia haya, na wamekubali.

Kwa upande wako, jibu moja tu linatosha, hata likiwa la maneno matano. "Njooni, slabu imeahirishwa" humwezesha mtu kutembea kwa mwendo wa kawaida akafika na nguvu. "Msije leo, njooni kesho" humwokolea mtu saa nne za barabarani na pesa za boda, na hata akikosa malipo ya siku hiyo, hakuchoka bure. Kinachotuumiza ni kimya. Mtu hajui kama atembee au abaki, kwa hiyo anatembea.

Watu wachache watakaofika mapema siku hiyo wana kazi ya kutosha. Zege la juzi linahitaji kumwagiliwa maji, na hilo ni la siku saba angalau, mgomo uwepo usiwepo. Nimeona nguzo zikiachwa kavu siku mbili kwa sababu tu "watu hawakuja", na soja peke yake na ndoo moja angeweza kuziloweka. Ringi zinaweza kukunjwa na watu wawili mezani. Misumari inaweza kung'olewa kwenye mbao za fomu zilizokwisha kutolewa, mbao zikapangwa kwa urefu. Mchanga unaweza kuchekechwa. Kazi hizi hazihitaji mnyororo, na kesho yake zinakuharakishia slabu.

Naomba pia uangalie miguu ya watu. Aliyetembea zaidi ya saa nne usimpandishe moja kwa moja kwenye jukwaa la nje la ghorofa ya tatu akiwa amebeba chuma. Miguu hutetemeka, na buti zenye jasho huteleza. Mpe kwanza kazi ya chini, anywe maji, ale uji kwa mama wa chakula. Baada ya hapo atapanda.

Jioni nayo ihesabiwe. Mtu anayetoka saa kumi na moja kurudi Kayole kwa miguu anafika saa tatu usiku au zaidi. Jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yake ni gizani, na mshahara ukiwa mfukoni kama ni Jumamosi. Kina mama wanaochota maji na kufagia saiti ndio wanaoogopa zaidi, na mmoja wao aliniambia wazi kwamba siku ya mgomo haji tena, si kwa uvivu bali kwa sababu ya njia ya kurudi. Wanaotoka mbali waachiliwe saa tisa, walipwe saa walizofanya. Wanaoishi Kawangware au Kangemi, ambao wanaweza kutembea kwa muda mfupi, wabaki kufunga kazi. Na tafadhali usimpakie mtu nyuma ya lori la mchanga ili kumrudisha mjini. Lile gari halina kiti wala mahali pa kushika, na watu wameumia hivyo.

Kuna jambo moja halijakamilika. Kitabu cha soja kina majina ya wote waliofika getini Jumanne baada ya saa mbili na nusu, pamoja na saa waliyofika, kwa sababu soja aliandika kila mtu hata yule aliyemrudisha. Simu yako ina ujumbe wetu na saa ulipoingia. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, utajua ni nani aliyekuja akataka kufanya kazi. Orodha ya malipo hufungwa Ijumaa jioni. Naomba majina hayo yaingizwe kabla ya hapo, kila mmoja na saa zake kuanzia alipofika getini, na ile amri ya chaki iongezewe mstari mmoja kuhusu siku za mgomo. Nitapita ofisini Alhamisi wakati wa chakula cha mchana pamoja na fundi wa mbao na mmoja wa watu wa mkono, tulizungumze.

Wako katika kazi,
Fundi wa vyuma, Kayole